Swali Moja la Mama Felician

Mama Felician, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Ushirombo, alipenda nyumba ifurike watu. Lakini kwenye sherehe ya mavuno, nusu ya wageni waliondoka kabla ngoma haijaanza. Akiogopa mwakani watamsusia kabisa, aligawa fomu zenye maswali ishirini. Zilirudi chache, zote zimejazwa "nzuri", maana nani atamkosoa mwenyeji aliyemlisha?

Jumapili baada ya misa akawakalisha akina mama wa kikundi uani kwake, akawamiminia togwa, akauliza swali moja tu: "Jamani, mwakani tubadilishe kitu gani kimoja?"

Anisia, mdogo kuliko wote, akajikaza. "Shikamoo kwanza, Mama Felician."

"Marahaba. Sema, sikung'ati."

"Hotuba yako. Tumbo langu liliunguruma ukiwa bado unasalimia viongozi."

Uani kukalipuka kicheko. "Mimi nilikwenda kula kwangu, usingizi ukanichukua huko huko!" akadakia Paskazia. Wengine nao wakataja hotuba.

Mama Felician alinuna kidogo, kisha akacheka mpaka kanga ikamdondoka. "Haya, mwakani chakula kwanza, hotuba baadaye."

"Baadaye lini, Mama?"

"Mkishashiba. Hamtakuwa na nguvu za kukimbia."