Sebule ya Rangi Moja

Sebule ilipakwa rangi moja ikatoka mbili. Wanaume wawili walikuwa wamenunua nyumba hiyo pamoja, na siku tano baada ya kuipaka walitakiwa kwenda mjini Eldoret kutia sahihi shamba liandikwe kwa majina yao mawili, kitu kimoja, bila mpaka katikati. Rangi iliwashika kabla ya sahihi.

Wanyoike alikuwa karani wa maziwa kwa mzungu aliyekuwa na shamba hilo, Joash alikuwa dereva wake wa trekta. Mzungu alipouza akaenda zake, wao wakachanga, wakakopa, wakapata nyumba yake na ekari zilizoizunguka, upande wa Kapseret. Nyumba ilikuwa ndefu, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, na sebule kubwa katikati yenye meko moja ya mawe. Familia ya Wanyoike ikaingia kushoto, ya Joash ikaingia kulia. Sebule ikawa ya wote. Watu walisema haiwezekani. Waliishi hivyo mwaka mzima na ikawezekana, kwa sababu walikuwa na sheria moja: kila kitu nusu kwa nusu, na kila mtu alete nusu yake kwa mkono wake. Mabati yalipovuja kila mmoja alinunua bati lake. Hata kuni za meko zilikatwa marundo mawili.

Kwa hiyo rangi nayo ilinunuliwa hivyo. Mkebe mmoja wa Wanyoike, mkebe mmoja wa Joash, rangi ile ile, samawati iliyofifia karibu na kijivu, ambayo wake zao walikuwa wameichagua pamoja.

Mtu wa kawaida angenunua mikebe yote miwili siku moja. Wanyoike alinunua wake kwanza. Joash alingoja auze mahindi. Wiki kadhaa zikapita, na mahindi yalipouzwa Joash alikuwa bado analima mashamba ya watu huko Hoey's Bridge, hawezi kuacha trekta. Akamwambia Wanyoike, "Nichukulie wewe. Nenda na fundi muhakikishe inafanana."

Fundi alikuwa Simeon, mtu wa kupaka rangi aliyejulikana mjini. Alibeba kipande cha kadibodi alichokipaka kutoka mkebe wa kwanza, kikakauka, akaenda na Wanyoike kwenye duka la Farah.

Duka la Farah lilikuwa refu na jembamba, misumari na nyaya mbele, rangi nyuma kabisa ambako jua halifiki. Huko kuliwaka taa ndefu nyeupe, zile za mrija, kutwa nzima. Farah alikuwa akichanganya rangi huko huko na kuzipima huko huko. Hakuwahi kutoka nje na kadi za kupimia rangi, kwa sababu barabara ilikuwa ya malori, na rangi mbichi ikikutana na vumbi la malori inakuwa msasa.

"Ile buluu ya zamani imekwisha," Farah aliwaambia. "Kampuni imeleta nyingine. Hii ina nguvu kuliko ile, inavuta kwa kijani kidogo. Lakini ngojeni, nitairudisha."

Akatia buluu mpya kwenye nyeupe, akaongeza tone la nyeusi, halafu la zambarau, akakoroga, akapaka kadi, akaikausha juu ya jiko la makaa lililokuwa chini ya meza. Haikuwa sawa. Akaongeza tone. Akakausha nyingine. Simeon alikataa mara kadhaa. Alijua rangi mbichi inadanganya, kwa hiyo hakukubali kutazama mpaka kadi iwe imekauka kabisa. Mwishowe waliweka kadi mbili ubavu kwa ubavu chini ya taa ndefu na hakuna aliyeweza kuona mahali moja inakwisha na nyingine inaanza.

"Zichanganye nyuma ya mgongo," Farah akasema, "halafu uniambie ya Joash ni gani."

Wanyoike akazichanganya, akatazama, akacheka. "Hata mimi sijui."

"Basi nenda. Hizo ni mapacha."

Simeon alipaka Jumatano, siku ya mvua. Sebule ile ilikuwa na veranda pana mbele na miti ya mvinje nyuma, hata mchana ilikuwa kama jioni. Alipofika katikati ya ukuta, juu ya meko, mahali mikebe miwili ilikutana, aliona upande wa kulia umepoa kidogo. Akasema moyoni ni ubichi. Akafungasha brashi zake. Joash akafika kutoka kazini jioni hiyo, Selpha mkewe akawasha taa ya mafuta na kuiweka juu ya meko ili wote waone.

Upande wa Wanyoike ukawa na wekundu ndani yake, joto, kama zambarau iliyooshwa. Upande wa Joash ukawa kijani cha ugonjwa. Katikati kulikuwa na mstari ulionyooka kama uliopigwa kwa kamba.

Halafu Waithira, mke wa Wanyoike, akafanya mzaha, kwa sababu alikuwa mtu wa mzaha na hakuona ubaya.

"Mama Maximilla, upande wenu umekuwa kama josho la ng'ombe."

Selpha hakucheka. "Josho mlinunua nyinyi, Mama Njambi. Sisi tulitoa pesa tu."

"Itakauka," Simeon akasema. "Ngojeni asubuhi."

"Hii imekauka, fundi," Joash akasema. Alikuwa ameupapasa ukuta kwa kiganja na kiganja kikatoka safi. Bado alikuwa na tope la shamba kwenye buti. "Ulikuwepo ikichanganywa?"

"Nilikuwepo. Zilikuwa sawa."

"Hizi ni sawa?"

Simeon akatazama ukuta.

Joash akamgeukia Wanyoike. "Baba Njambi, mimi nilikutuma kama ndugu. Kama ile nzuri ilikuwa imekwisha, ungeniambia. Ningengoja."

"Farah alisema ameirudisha. Tulizilinganisha, nakwambia. Mimi mwenyewe nilishindwa kuzitofautisha."

"Wewe unaona lita moja ya maji kwenye pipa la maziwa ukiwa mlangoni. Ukashindwa hii?"

"Unasema nimekuibia?"

"Nauliza."

Hapo ndipo Wanyoike alipokosea, na hakukosea kwenye rangi. Alikuwa na hasira na alikuwa hana hatia, na mtu akiwa na vyote viwili huwa hachagui maneno. "Joash, kama ningetaka kukuibia ningekuibia kwenye mpaka, si kwenye mkebe wa rangi."

Mvua ilikuwa imepungua. Joash akachukua taa juu ya meko.

"Kumbe umeshafikiria mpaka," akasema, akaingia upande wake na taa.

Asubuhi jua lilitoka. Simeon alirudi mapema na kadi zake mbili, akazipeleka verandani. Pale kwenye mwanga wa mchana zilitofautiana, lakini kidogo, kama maziwa ya ng'ombe wawili. Mtu asiyejua angepita. Ndani, Selpha akawasha taa tena kwa makusudi, na ugonjwa wa jana ukarudi ukutani. Simeon akasimama mlangoni, mguu mmoja nje, akizitazama kadi juani, kisha kwenye taa, kisha juani. Halafu akawaomba wanaume wote wawili waende naye kwa Farah. Walikwenda, Wanyoike mbele, Joash nyuma.

Farah alizilaza kadi chini ya taa zake ndefu. Zikawa kitu kimoja tena. Joash aliinama mpaka pua ikakaribia meza.

"Mnaona?" Farah akasema. "Mapacha. Nyinyi mna shida ya macho huko Kapseret."

"Zima taa," Simeon akasema. "Washa ile unayouza."

Farah akaguna, lakini akashusha taa ya mafuta kutoka kwenye rafu, akaiwasha, akazima zile ndefu. Sehemu ya nyuma ya duka ikawa ya manjano. Kadi moja ikapata wekundu, nyingine ikawa kijani.

"Warya," Farah akashangaa kwa Kisomali, polepole.

Akawasha taa ndefu. Zikafanana. Akazima. Zikaachana. Alifanya hivyo tena na tena kama mtu anayejaribu kufuli, na mteja aliyekuwa akingoja misumari akaja kutazama.

"Ni zile buluu mbili," Farah akasema mwishowe. Alikuwa ameacha utani. "Ile ya zamani inarudisha wekundu kidogo, ambao hii mpya inaumeza. Sasa hizi taa zangu za mrija hazina wekundu mwingi. Hakuna cha kurudisha, hakuna cha kumeza, kwa hiyo jicho linaona kitu kimoja. Taa ya mafuta imejaa wekundu. Ukizipeleka mbele yake, moja inaurudisha na nyingine inaukataa. Nimefananisha kwa taa yangu. Sikufananisha kwa yenu."

"Na jua?" Simeon akauliza.

"Jua lina kila kitu kwa kipimo. Linasema, lakini kwa sauti ndogo. Mimi sikulisikiliza, niliogopa vumbi." Akafuta mikono kwa kitambaa. "Nitachanganya mkebe mmoja mkubwa, wa buluu moja, utoshe sebule nzima. Ni juu yangu. Safari hii tutapimia kwa taa ya mafuta, na mlangoni pia."

Wanyoike akapumua. Kwa mara ya kwanza tangu jana alimtazama Joash usoni.

"Umeona mwenyewe."

"Nimeona," Joash akasema. "Baba Njambi, hukunifanyia chochote. Nilikudhania vibaya, na nitamwambia Selpha hivyo, na Mama Njambi pia nitamwambia."

"Basi yamekwisha. Jumatatu tutie sahihi."

Joash aliokota kadi yake mezani, akaigeuza huku na huku chini ya taa nyeupe, ambako haikuwa na kosa lolote.

"Ya rangi nimeona kwa taa mbili, nimeelewa. Ya mpaka sikuiona kwa taa yoyote. Hiyo niliisikia."

"Lilikuwa neno la hasira."

"Ninajua. Lakini nimelala nikijiuliza ungeupitisha wapi. Nimehesabu miti yote mpaka mtoni. Sasa mimi pia nimefikiria mpaka, ndugu yangu, na sijui namna ya kuacha."

Wanyoike alisema mengi, dukani na barabarani. Simeon naye alisema yake. Farah alichanganya mkebe mkubwa hata hivyo, akaandika majina yote mawili kwenye kifuniko. Jumatatu Joash alikwenda ofisini akaomba shamba ligawanywe. Mpimaji akaja na minyororo, na kwa sababu walikuwa watu wa nusu kwa nusu, mstari ulipita katikati ya kila kitu, nyumba ikiwemo. Ulipita pale pale rangi zilipokutana.

Iligharimu hivi. Ukuta mmoja wa mawe katikati ya sebule, kutoka sakafuni mpaka darini. Meko moja, iliyozibwa, kwa sababu bomba lake la moshi lilikuwa kwenye mstari. Mlango mmoja mkubwa wa mbele, uliong'olewa ili itobolewe midogo miwili. Ng'ombe wa Joash wakapoteza njia ya mtoni, shamba la Wanyoike likapoteza trekta. Waithira na Selpha walianza kuchota maji saa tofauti. Mkebe wa Farah haukufunguliwa na mtu. Ukuta mpya haukupakwa rangi upande wowote.