Kilo za Biasha, Bei ya Somoe

Mzee Hasani wa Rondo alikuwa na wake wawili na pampu moja mpya ya kupulizia mikorosho. Wake alishawazoea. Pampu ndiyo iliyomtia matatani, maana aliahidi kumpa mke atakayeyapita makadirio ya mapato kwa fedha nyingi zaidi.

Makadirio yao yalilingana: kilo elfu moja kila mmoja, kwa shilingi elfu mbili kilo, yaani milioni mbili. Msimu ulipokwisha, Biasha, mke mkubwa, alikuwa amezidisha laki moja na sitini elfu. Somoe, mke mdogo, laki mbili na nusu.

Somoe akatokea barazani na khanga mpya. Biasha akaiona khanga, akauona na mwendo.

"Mimi nimevuna kilo elfu moja na mia mbili, huyu mia tisa, kisha anishinde? Hesabu zitenganishwe!"

Akaitwa Monika, bibi shamba wa kata. Akapiga hesabu.

"Mama Biasha, umezidisha kilo mia mbili. Kwa bei tuliyokadiria, hiyo ni laki nne juu. Lakini uliuza kilo kwa elfu moja na mia nane, pungufu ya mia mbili. Kwa kilo zako zote, umepoteza laki mbili na arobaini. Ndiyo ikabaki laki moja na sitini."

"Na huyu mrembo?"

"Kilo zake zimepungua mia moja, laki mbili chini. Ila aliuza kwa elfu mbili na mia tano. Mia tano ya juu mara kilo mia tisa, laki nne na nusu. Toa laki mbili."

Biasha akapiga kigelegele. "Mmesikia? Kwenye kilo nimempita mbali! Bei si yake, bei ni ya mnada!"

Hasani akainyanyua pampu ampe Biasha.

"Mnada upi, dada?" Somoe akauliza taratibu. "Korosho zetu zote ni daraja la kwanza. Nilikuambia tupeleke ghalani pamoja, kwenye gari la Evaristo. Ulinijibuje?"

Biasha akaanza kuikagua dari.

"Alisema magunia yake hayapandi gari moja na yangu!" Somoe akamwambia Hasani. "Mimi nikauza mnada wa kwanza, yeye akangoja hadi mnada wa nne, bei imeshuka."

Monika akakuna kichwa. "Basi hiyo laki mbili na arobaini..."

"Ni ya wivu," Hasani akamalizia. "Sikilizeni. Biasha anajua kuzalisha, pampu ni yake. Ila atapulizia mashamba yote mawili. Na Somoe anajua kuwahi, kwa hiyo msimu ujao magunia yote atayapeleka yeye."

Biasha akaikumbatia pampu kama mjukuu. Akamtazama mwenzake juu hadi chini.

"Garini, magunia yangu yatakaa juu au chini?"

"Juu, dada."

"Haya. Lete ndoo ya maji, tuijaribu."