Rede ya Kukaa Chini

Kwa vyeo, hakuna mtoto wa darasa la nne katika kata nzima ya Pangani, Kibaha, aliyemfikia Siwema. Alikuwa refa msaidizi. Alikuwa mtunza muda. Alikuwa mlinzi wa masweta na viatu vya wenzake, na muhula huu alikuwa amevishwa utepe wa satini mbele ya shule nzima, akatangazwa Balozi wa Michezo na kupigiwa makofi ya kilo. Kitu kimoja tu hakuwahi kupewa, nacho ni mpira.

Vyeo vyote hivyo vilitoka kwa Mwalimu Mkuu Didas, mtu mwenye huruma kubwa na spika kubwa zaidi. Miguu ya Siwema ilikuwa imekakamaa tangu azaliwe, haikumbeba, na shuleni alikuja kwa kiti cha magurudumu akisukumwa na Rukaya, jirani na rafiki yake. Mwalimu Didas kila alipomwona, sauti ilimshuka ikawa ya msibani. Alimwita malaika wetu. Aliagiza awekwe kivulini, apewe soda wageni wakija, na asiguswe. Siwema alikuwa na miaka kumi na alikwishachoka kuwa malaika. Alitaka kucheza rede.

Rede yenyewe kila mtu anaijua. Timu moja inakaa katikati na kujaza mchanga kwenye chupa, timu nyingine inarusha mpira kutoka pande mbili. Mpira ukikugusa, umetoka. Chupa ikijaa kabla hamjaisha, mmeshinda.

Mwalimu Elinipa, aliyehamia shuleni hapo kufundisha michezo, ndiye mtu mzima wa kwanza kumuuliza Siwema anataka kucheza nini. Siwema alidhani ni mtego, lakini akajibu. Basi kipindi kilichofuata akaingizwa katikati ya uwanja na kiti chake, Rukaya akisukuma. Watoto walishangilia. Mwalimu Didas akapiga picha na kuirusha kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Magurudumu yakazama mchangani, Rukaya akavuta huku na kule kuokoa jahazi, na mchezo ulipokwisha Mwalimu Elinipa alikuja anatabasamu kusubiri shukrani.

"Mwalimu, anayekwepa ni Rukaya," Siwema alisema. "Mimi ni mzigo wake."

Wapo walimu ambao wangenuna mwaka mzima kwa neno hilo. Elinipa yeye aliuliza nyumbani anatembeaje. Siwema akamweleza kwamba nyumbani hatembei, anashuka chini na kujisogeza kwa mikono na makalio, na hakuna pembe ya nyumba asiyofika.

Wiki iliyofuata darasa zima lilikalishwa chini. Mwalimu Elinipa aliokota mawe, akatandika turubai kwenye nyasi, na kuupunguza uwanja ukabaki nusu, maana aliyekaa hafiki mbali. Warushaji nao walikaa. Mpira ulikuwa soksi zilizoshindiliwa sponji, mkubwa kuliko wa kawaida, rahisi kudaka na usioumiza. Siwema alivaa suruali ya traksuti mapaja yasichubuke. Kila mzunguko ulikuwa mfupi na mapumziko yalikuwa ya wote, kwa kuwa misuli yake ilikaza zaidi alipochoka. Sheria mpya ilikuwa moja: makalio yasiinuke. Atakayeyainua ametoka, awe nani.

Siku hiyo walioteseka ni wenye miguu mizima. Rukaya, bingwa wa mbio, hakujua miguu yake aiweke wapi, na kila mpira ulipomjia alisimama kwa mazoea akatolewa. Siwema alilala chali, akageuka, akajivuta hadi kwenye mchanga na kurudi. Alicheka mpaka kwikwi ikamshika.

Raha hiyo haikudumu. Mwalimu Didas alisikia, na asubuhi mstarini akatangaza kwamba michezo jumuishi anaiunga mkono kwa moyo wote, ila atakayethubutu kumpiga Siwema mpira ataonana naye ofisini. Tangu hapo mipira ilitua pembeni yake taratibu. Watoto si wajinga, wakaona faida, wakawa wanajificha nyuma yake. Timu aliyokuwamo ilishinda kila mara, na kila mtu aligombania kuwa upande wake. Siwema akarudi nyumbani analia. Alikuwa ameshinda michezo yote na hakucheza hata mmoja.

Elinipa alikwenda ofisini kuomba amri ifutwe, akatoka midomo ameikaza. Mkuu alikuwa amemkumbusha kwamba bonanza na shule ya Kurui, kule Kisarawe, limekaribia, mgeni rasmi amethibitisha, na yeye hawezi kuruhusu malaika atwangwe mbele ya viongozi.

Watoto wa Kurui waliteremka kwenye Coaster ya kukodi, vumbi hadi kwenye kope. Sheria ya kukaa chini walikuwa wameifanyia mazoezi shuleni kwao. Amri ya Mkuu hawakuijua. Siwema alimwita Mwalimu Elinipa na kumwomba jambo moja.

"Usiwaambie."

Mwalimu alitupa jicho kwenye jukwaa, alipokuwa Mwalimu Didas akijaribu kipaza sauti, kisha akasema leo ana kazi nyingi sana za turubai, hatapata nafasi ya kuongea na mtu.

Mrushaji mmoja wa Kurui alikuwa binti mwembamba aitwaye Swaumu. Wenzake Siwema walipojificha nyuma yake kama kawaida, Swaumu aliwarushia mpira juu ya kichwa cha Siwema, akawatoa mmoja mmoja. Rukaya akainuka kwa mazoea, akatolewa. Siwema akabaki peke yake, na chupa imebakiza kiganja kimoja cha mchanga.

Mpira ukaja. Akalala, ukapita. Kwa mara ya kwanza maishani aliogopa mpira, na hofu hiyo ilikuwa tamu. Akajivuta haraka, akachota, akanyoosha mkono kwenye chupa. Mpira ukarudi kutoka kwa Swaumu, nyuma yake, ukamtwanga begani.

Mwalimu Didas akashika kipaza sauti na kutangaza kuwa hiyo ilikuwa bahati mbaya, mrusho utarudiwa, na mtoto mgeni apite mbele amwombe radhi malaika wetu. Mgeni rasmi akatikisa kichwa kwa huzuni na kupiga makofi. Watu wakamfuata. Swaumu machozi yakaanza kumlengalenga, maana hakujua kosa lake. Nyuma ya mstari, darasa la nne zima likaimba warudie, warudie. Kombe lilikuwa pale mezani, na Siwema alihitaji tu kukaa kimya na kumimina.

"Nimepigwa, mwalimu," alisema. "Nimetoka."

Mwalimu Didas, kwa ile sauti ya msibani, akamweleza kwamba hajatoka, yeye hawezi kutoka.

"Nimetoka," Siwema akarudia. Akamwaga mchanga uliokuwa kiganjani, akajiburuta kwa mikono hadi nje ya turubai na kukaa vumbini pamoja na waliotolewa. Mwalimu Elinipa akapuliza kipyenga. Kurui wakaruka na kukumbatiana, na mgeni rasmi akaanza hotuba kuhusu ujasiri.

Siwema hakuisikia, kwa sababu Rukaya alikuwa amemgeukia, macho yamemtoka.

"Kiganja kimoja, Siwema. Kimoja tu. Badala ya kulala wewe unachota. Umetupotezea kombe kwa tamaa zako."

Wengine wakadakia kwamba ni kweli, amewaponza, na kwamba mara nyingine ajifunze kutazama nyuma. Hakuna mtu aliyewahi kumkasirikia Siwema kwa lolote. Furaha ilimpanda mpaka masikio yakamwaka. Akavuta pumzi, akamtazama Rukaya usoni.

"Na wewe ungetuliza makalio," akasema, "tungebaki wawili."

Wakagombana mpaka Coaster ya Kurui ikaondoka.