Vyuma vya Alhamisi

Fito alikuwa na mbio za kutisha, lakini mabeki walishamjua. Bega moja tu, naye huyo chini. Kocha hakumung'unya maneno: "Mdogo wangu, nakupa mechi mbili. Ukiendelea kuangushwa hivi, benchi litakuhusu."

Basi akajituma, na kujituma huko ndiko kulikomponza. Alhamisi mazoezi ya timu yalikuwa mepesi, akajiona bado ana nguvu za kumwaga. Akaenda jimu ya mtaani kwao, akabeba chuma mabegani na kuchuchumaa nacho seti baada ya seti, mpaka kushuka ngazi akawa anashika ukuta. Jumamosi miguu ilikuwa mizito ajabu. Mipira aliyokuwa akiiwahi kila siku ilimpita hivi hivi. Wakamtoa kabla ya mapumziko, akajifunika taulo na kulia, maskini.

Jumatatu mwalimu wa viungo, dada mwenye ulimi mkali na moyo laini, alimbana mpaka akasema yote.

"Kwa hiyo sisi ndio uliotupiga chenga," alisema.

"Dada, si nguvu ndizo zilizopungua?"

"Nguvu unazihitaji, umekosea siku. Misuli iliyobebeshwa mzigo inauma kesho yake na keshokutwa. Keshokutwa yako ilikuwa mechi."

Akampangia wiki. Vyuma vizito vya miguu Jumanne, siku hiyo hiyo ya kukimbia sana, baada ya uwanja, ili Jumatano ibaki ya kupumzika kweli. Seti chache, tena aache kabla misuli haijashindwa. Alhamisi dakika chache tu: mikono, kiwiliwili na miruko michache. "Na Ijumaa nisikuone humu."

"Mbona kidogo? Nimebakiza mechi moja."

"Nisikudanganye. Kwa wiki moja hutapata mwili, hiyo ni kazi ya miezi. Jumamosi hii nakurudishia miguu yako tu."

Fito alinywea. Alitaka dawa, akapewa subira. Alhamisi alipoambiwa aweke chuma chini akiwa hata hajatoka jasho, roho ilimuuma. Ijumaa alishinda nyumbani anazunguka chumbani, mpaka mama yake akamuuliza kama anadaiwa.

Jumamosi aliangushwa mapema, akaangushwa tena. Kocha alishaanza kumtazama mchezaji wa akiba. Kipindi cha pili ukapigwa mpira mrefu nyuma ya mabeki. Fito akauwahi, miguu myepesi, akausukuma kwa ncha ya kiatu. Beki akafika amechelewa, akamkumba ndani ya boksi, na Fito akaenda chini kama kawaida yake. Filimbi ikalia. Penalti, bao, wakashinda.

Kocha alimkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo, anavua soksi.

"Bado unaangushwa."

"Ndiyo, kocha."

"Leo ulikuwa umeshafika kwanza." Akamgusa bega. "Huo mwili tutaungoja. Jumanne usichelewe kwa dada yako."