Fundi Anapunguza Dozi

Fundi cherehani hakuwa na subira. Daktari alipomwambia kuwa dawa ya usingizi aliyoimeza kwa miaka mingi, tangu mumewe afariki, wataiacha kidogo kidogo, aliitikia kwa adabu, akatoka na mpango wake kichwani.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Daktari alipunguza sehemu ndogo tu ya dozi, akamwambia akae hapo wiki kadhaa kabla ya kupunguza tena. Fundi akajiona mzima. Kungoja nini? Akachukua wembe wa kufumulia nguo, akakata vidonge kwa kukadiria. Siku chache baadaye akavikata tena.

Asubuhi moja binti yake alimkuta ameketi mbele ya cherehani, gauni la mteja mapajani, mikono ikitetemeka. Usiku hakuwa amelala, na moyo ulimwenda mbio.

"Mama, dawa unameza?"

"Nimeacha. Yaani, karibu nimeacha."

"Karibu? Unakimbizwa na nani?"

"Usinifokee, mimi ndiye niliyekuzaa."

"Basi kufoka nimerithi kwako. Vaa viatu."

Kule kliniki, fundi hakuogopa kukaripiwa. Aliihofia mikono yake. Bila mikono hana kazi, na akirudishwa mwanzo, ataimeza dawa hiyo mpaka kaburini.

Fundi alipokwisha kueleza alivyokata vidonge kwa wembe, daktari alimpima presha, akauliza kama amewahi kuanguka au kupata degedege. Hapana.

"Tushukuru. Mwili wako umeizoea dawa hii. Ukiunyang'anya ghafla unaweza kupata degedege, na degedege linaweza kuua. Mama, hii si nguo ya mteja, uikate kwa kukadiria."

"Unanirudisha kwenye dozi yote?"

"La. Tunarudi pale ulipokuwa umetulia, tunangoja. Mwili ukikubali, tunapunguza tena, safari hii kidogo zaidi. Nitakuandikia vidonge vya nguvu ndogo, wembe uache kwenye nguo."

"Na mikono?"

"Umeitikisa mwenyewe kwa haraka yako. Natarajia itatulia, ila si leo."

"Itachukua muda gani?"

"Huenda mwaka, huenda zaidi. Tutaufuata mwili wako."

"Mwaka! Ningeshona gauni mwaka mzima, wateja wangu wangenichoma kwa pasi."

Binti alicheka. Daktari hakucheka, alimpangia siku ya kurudi.

Wiki zilipita. Usingizi ukarudi vipande vipande, mikono ikatulia. Waliporudi kliniki, daktari alisoma presha, akatabasamu. "Naona tunaweza kupunguza leo. Unasemaje?"

Binti alimtazama mama yake, akingoja asikie, "Tupunguze nusu nzima, daktari!"

Fundi alivikunja vidole vyake, akavinyoosha, akavitazama. "Wiki hii nimelala vibaya mara mbili. Tungoje kidogo."

"Sawa," daktari akasema. "Tunangoja."

Njiani binti alimshika mkono. "Mama, una homa?"

"Tembea," fundi akasema.