Cherehani Isinyamaze

Nyumba ya Leticia pale Bombambili haina dari. Kuta za vyumba zimeishia njiani, juu yake uwazi, halafu bati. Mtu akipiga chafya chumbani, wa sebuleni anamwambia afya. Wameishi hivyo na hakuna aliyeona taabu, mpaka mama yake Leticia, Mama Walburga, alipoletwa kutoka Namtumbo, kiharusi kimemlegeza upande wote wa kushoto, mkono unaning'inia kama si wake.

Alipewa chumba cha watoto, kinachopakana na sebule. Na sebuleni ndiko anakofanyia kazi mume wa Leticia, Aidan, fundi nguo. Cherehani yake ya miguu imeegemea ukuta uleule ambao kitanda cha mama kimeegemea upande wa pili.

Choo cha nyumba kiko nje, cha kuchuchumaa. Mama hawezi kuchuchumaa, na kutembea hadi huko ni kumtafutia kuanguka. Kwa hiyo Leticia alikwenda kwa seremala wa Msamala, akachongewa kiti kizito cha mbao chenye mikono, katikati ya kikalio wametoboa tundu, chini yake inaingia ndoo yenye mfuniko. Alikileta kwa bodaboda amekikumbatia, roho kwatu. Akakiweka kando ya kitanda, upande wa kulia wa mama, ule wenye nguvu. Akajua amemaliza.

Hakuwa amemaliza. Nyinyi mnaouguza wazazi nyumbani, hapa ndipo mnisikilize vizuri.

Asubuhi ya kwanza alimkalisha mama, akampandisha gauni mpaka kiunoni, akasimama mbele yake mikono kiunoni, mlango wazi ili auangalie uji jikoni.

"Tayari, mama?"

"Bado."

"Jikaze basi mama yangu, uji unaungua!"

Sauti ya Leticia haijawahi kuwa ndogo. Ilipanda, ikavuka ukuta, ikaangukia sebuleni. Huko cherehani ilikuwa inaenda tarararara, ghafla ikanyamaza. Labda Aidan alikuwa anageuza upindo tu. Lakini Mama Walburga alishika mkono wa kiti, macho yakapanda juu kwenye ule uwazi.

"Haja imerudi ndani," alinong'ona. "Nirudishe kitandani."

Mama Walburga ni wa watu wa zamani. Tangu Leticia aolewe, hajawahi kula sahani moja na mkwewe wala kupita mbele yake bila kujitanda kanga. Anamsalimia kwa mbali, "Hujambo baba," naye Aidan anaitikia akiwa ameinama, "Shikamoo mama," na mazungumzo yanaishia hapo. Heshima hiyo walikuwa wameilea wote wawili kwa miaka. Sasa mtu huyohuyo asikie maji ya tumbo lake yanavyolia kwenye ndoo?

Leticia hakuyawaza hayo. Aliwaza uji, watoto wa shule, na mama asife mikononi mwake.

Kisha akaja Kajetani, mteja wa suruali. Siku hiyo mama alikuwa amejaribu kidogo, na ndoo ilikuwa bado haijatolewa.

"Fundi, huko ndani mnafuga nini?" Kajetani akacheka, ameziba pua. "Hii suruali yangu nitaivaa kanisani au nitaanza kuianika?"

"Shika adabu yako, bwana," Aidan akamwambia kwa sauti ya chini. "Ndani kuna mgonjwa."

"Aa, natania tu!"

Utani ulikuwa umeshavuka ukuta. Kuanzia siku hiyo Mama Walburga alianza kushiba haraka. Uji anaonja vijiko, anasukuma bakuli. Chai haitaki, inampa kichefuchefu. Maji eti ni baridi. Leticia akimkalisha kwenye kiti, mama anakaa kama aliyekaa kupigwa picha, halafu anasema haja hana.

"Mama, hula kwa nini?"

"Uzee, mwanangu. Tumbo limekuwa dogo."

Dogo wapi! Tumbo lilikuwa linavimba, gumu ukiligusa. Leticia akaliona na akanyamaza, maana hofu nyingine mtu anaona akiisema ataipa nguvu.

Asubuhi moja akakuta shuka limelowa maji ya kahawia, yanatoka kidogokidogo bila mama mwenyewe kujua. Ikawa hivyo siku nzima. Anabadilisha, linalowa. Leticia akasema, anaharisha huyu. Akakimbia duka la dawa, akanunua vidonge vya kufunga tumbo bila kueleza mgonjwa ni nani wala amekaa vipi. Akampa. Uji akauondoa kabisa, na maji akayapunguza, ili kisiwepo cha kuharisha.

Akafanya hivyo kwa mapenzi. Nasema tena, kwa mapenzi.

Kesho yake mama alitapika. Akaanza kumwita Leticia kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Leticia akatoka nje bila viatu akilia, na Aidan akawasha pikipiki ya jirani kwenda kumchukua nesi Saada, anayezungukia wagonjwa wa majumbani.

Saada aliingia na kitu cha kwanza alichofanya ni kufunga mlango. Cha pili, akamfunika mama kwa kanga kabla ya kumgusa.

"Shikamoo mama. Nitakushika tumbo. Ukitaka niache, niambie, nitaacha."

Alibonyeza polepole, akavaa glavu, akaomba ruhusa, akapima kwa kidole. Alipomaliza alimgeukia Leticia.

"Haharishi."

"Dada Saada, shuka hili hapa!"

"Choo kigumu kimeziba njia. Hayo maji yanapenya pembeni ya hicho kigumu. Umempa dawa yoyote?"

Leticia akaonyesha vidonge.

"Hivi vimezidi kukaza. Acha hapo hapo. Twende hospitali, tusibishane."

Njiani Leticia alikuwa ameshika mguu wa mama kama atakayeporwa. Alijiona tayari yuko Namtumbo, amesimama mbele ya ndugu, wanamuuliza: ulimpa nini mama yetu?

Hospitalini walimwekea maji ya mshipa, na dawa ya kulainisha kwa njia ya haja kubwa. Kisha wakavuta pazia kuzunguka kitanda, wakasogeza kiti cha haja, wakamwambia Leticia apishe.

"Mimi ni mwanae!"

"Ndiyo maana. Pisha kidogo, nesi yuko naye."

Akasimama nje ya pazia akiuma kona ya kitenge. Akasikia mama anauliza kwa sauti nyembamba, "Mkwe wangu yupo hapo?"

"Hayupo, mama. Wanaume hawapo."

Mama akahema, pumzi ndefu, na mambo yakafunguka.

Leticia akakaa chini pale pale sakafuni. Uwazi ule juu ya ukuta ulimjia machoni, na cherehani inayonyamaza, na sauti yake mwenyewe: jikaze mama, uji unaungua. Mama hakukosa hamu ya kula. Alikuwa anajifunga mdomo ili asije akafungua kwingine.

Siku ya kuruhusiwa, Saada aliwasindikiza mpaka nyumbani. Akakitazama kiti, akamkalisha mama.

"Miguu inaning'inia. Hivi hawezi kusukuma." Akaagiza ubao mpana usioteleza uwekwe chini, nyayo zikae zima, magoti yapande kidogo. "Mlete hapa baada ya uji wa asubuhi, tumbo ndiyo linaamka. Anywe maji, ale papai na mboga. Usimhimize. Usimwache peke yake nyumbani, lakini usimsimamie usoni. Kaa nje ya mlango, uurudishe bila kutia komeo. Ukimwita asiitike, ingia."

"Na ndoo?"

"Maji kidogo chini kabla hajakaa, mfuniko akimaliza tu, ukamwage chooni saa hiyohiyo. Mfute kutoka mbele kwenda nyuma. Vaa glavu, halafu nawa wewe, na umnawishe na yeye mikono. Naye ananawa, ni mtu mzima huyo."

Wakahamisha kitanda na kiti mpaka ukuta wa mbali, usiopakana na sebule. Lililobaki halikuwa la nesi. Leticia alimfuata Aidan, akamwambia yote, ameangalia chini. Aidan alichukua mkasi.

Jioni alimkabidhi mkewe gauni pana la kitenge, mbele limefunga vizuri, nyuma limepasuliwa na kupishana, ukikaa linafunguka lenyewe huku magoti yamefunikwa.

"Mpe mama. Usiseme mimi."

"Fundi gani mwingine yuko humu ndani?"

"Usiseme tu."

Asubuhi Aidan akabeba cherehani, akaipeleka barazani.

Mama Walburga alikunywa uji nusu bakuli, akautazama uliobaki. Leticia alimsaidia kuhama, taratibu, mguu wenye nguvu ukitangulia. Akampa kikombe cha bati na kijiko.

"Ukimaliza gonga, mama. Mimi niko nje ya mlango."

"Na mkwe wangu?"

"Sikiliza mwenyewe. Yuko barazani. Cherehani ikilia, ujue yuko huko na hasikii kitu."

Akarudisha mlango, akakaa kwenye kigoda. Tarararara, ikalia huko nje. Leticia akasubiri. Ulimi ulimuwasha kuuliza, akauuma. Kama mama akishindwa leo, ataacha uji tena kesho, na safari hii hospitali huenda wasiwahi.

Mara cherehani ikanyamaza.

"Fundi!" Kajetani huyo, amekuja na shati. "Siku hizi umehamia nje? Mgonjwa vipi, yule wa..."

Ndani kiti kikalia kidogo. Leticia akasikia mama anavuta pumzi na kuizuia. Alisimama, akakaa. Akiita atavuruga, na akitoka mama atabaki hana mtu. Machozi yakamjaa. Piga, Aidan, alisema moyoni. Piga tu.

Barazani Aidan alikuwa amenyanyua mguu kwenye kanyagio ili asimame ampe Kajetani mkono. Akautazama mlango wa ndani. Akaurudisha mguu.

Tarararara.

"Mbona uzi umekatika?" Kajetani akashangaa. "Hata kitambaa huna! Unashona hewa?"

"Nashona," Aidan akasema, miguu inaenda. "Kama una haraka, njoo jioni. Na ukija na neno la mgonjwa mdomoni, shati lako utamtafutia fundi mwingine."

Mashine ikaendelea kula hewa, bila uzi, bila nguo, jasho linamtoka Aidan.

Muda ukapita ambao Leticia hakujua ni mrefu kiasi gani. Kisha kijiko kikagonga kikombe. Mara moja, kwa nguvu, kama kengele ya shule.

Alipoingia, Mama Walburga alikuwa ameketi wima, gauni limemfunika magoti, mkono wake mzima umefunika ule uliolegea.

"Funika ndoo," alisema. "Niletee maji ninawe. Na ule uji uliobaki, usiumwage."