Chupa ya Maji Nyuma ya Cherehani

Siku ya tisa ya Ramadhani, alasiri, Abdulmalik alikuwa amelazwa mkekani nyumbani kwao, mtaa wa Gerezani, mikono inamtetemeka, na Ustadhi Rajabu kamwinamia sikioni anamfokea jini.

"Toka! Toka, mlaaniwa wee!"

Wapangaji walijaa mlangoni. Kila Rajabu alipopandisha sauti, nao walipandisha takbira.

"Mnaona? Aya zinamchoma," Rajabu alisema huku akijifuta jasho. "Ndiyo maana linatetemeka."

Nasma, dada mtu, alisimama pembeni kajifunga kibwebwe, meno kayauma. Huyo ndiye ndugu yake pekee. Mikono ile inayotetemeka ndiyo iliyoshona nusu ya kanzu za mtaa wao. Watu walitoka Mchafukoge kuja kibarazani kwake Kariakoo, wakawapita mafundi kumi njiani bila kuwatazama.

Mwaka jana, baada ya Idi ya kuchinja, Abdulmalik alikaa siku tano bila kulala. Akagawa vitambaa vya wateja kwa wapita njia, akisema ameteuliwa kuuvika mji mzima. Hospitali walisema ni ugonjwa wa akili unaompandisha mtu juu kisha kumshusha chini, wakampa vidonge vya lithiamu. Akatulia. Akarudi kwenye cherehani lake, na watu wakasahau kumwita chizi.

Kisha ukaingia mfungo. Siku ya kwanza tu, Nasma alimpelekea uzi kibarazani akamkuta kajificha nyuma ya cherehani na chupa ya maji mdomoni. Loh! Alimpokonya, akayamwaga mtaroni.

"Mwanamume mzima, mchana wa Ramadhani, katikati ya Kariakoo! Unataka watu wasemeje?"

Abdulmalik akaketi tena kwenye cherehani. Akafunga kama wenzake, kwenye jua la Dar lile unalolijua. Siku ya tano akawa mnyonge. Jirani akamleta Rajabu, na Rajabu akasema kuna uchafu tumboni, jini limeulalia. Akaagiza sanamaki, yale majani ya kuendesha tumbo, glasi moja kila futari. Hakumkataza dawa za hospitali, kusema haki. Basi Nasma akatimiza yote: futari sanamaki, daku kidonge. Usiku kucha mdogo wake alikesha msalani akiharisha, na alfajiri anafunga tena. Nasma alijiambia dawa ya dini na dawa ya hospitali zote ni za Mungu mmoja, zitasaidiana.

Sasa Abdulmalik alijaribu kusema kitu. Ulimi ulikuwa mzito, maneno yanaburuzika. Akajiinua, akapepesuka, akatapika mkekani.

"Allahu Akbar!" Rajabu alishangilia. "Linatoka!"

"Ustadhi, nyamaza kidogo," Nasma alisema.

"Nini?"

"Nimesema nyamaza! Na nyie mlangoni, fungeni midomo!"

Nasma akachuchumaa, akaishika mikono ya mdogo wake. Ilitetemeka vilevile. Akahesabu mpaka mia. Hakuna aya, hakuna takbira, na mikono inatetemeka tu.

"Haya, niambie. Sasa hivi inamchoma aya gani?"

Rajabu akajifuta jasho tena. Nasma naye alikuwa ameshakumbuka. Siku wanaondoka hospitali, nesi aliwaambia: akianza kutetemeka sana, kutapika, kuyumba kama mlevi, msimpe kidonge kingine, mleteni haraka. Kutetemeka na kuyumba alikuwa akikuona tangu jana, na alfajiri ile ile alimpa kidonge kwa mkono wake mwenyewe.

Mlangoni watu wakapisha. Shehe Khalfani, imamu wa msikiti wao, alikuwa amesikia kelele. Nasma akajisemea: Huyu naye anakuja kumuongezea Rajabu nguvu.

"Shikamoo, shehe. Usinikataze. Nampeleka hospitali."

"Marahaba. Nani anakukataza?" Shehe alimtazama mgonjwa. "Anafunga huyu?"

"Anafunga."

"Na anaharisha?"

"Siku nne. Ustadhi kampa sanamaki."

Shehe Khalfani akamgeukia Rajabu, na mzee yule mpole sauti ikampanda. "Mgonjwa Mungu kamruhusu ale, wewe unamfungisha na kumharisha? Kusoma Kurani tumeambiwa ni ponyo. Nani kakwambia ponyo ni kumkausha mtu kama samaki? Nyie vijana, bajaji! Upesi!"

Hospitali walimtundikia dripu, wakasimamisha lithiamu, wakachukua damu kwenda kupima. Daktari Theopista, yule yule wa kliniki yake, aliwaeleza: mwili ukikosa maji na chumvi, figo hazitoi lithiamu inavyotakiwa. Inajaa kwenye damu mpaka inakuwa sumu. Wangechelewa zaidi, wangemzika.

Siku ya nne hospitalini Abdulmalik alikuwa anakaa mwenyewe, maneno yamenyooka, ila vidole bado vinacheza. Daktari alisema huenda vitatulia, na huenda visitulie kabisa. Rajabu huko mtaani, Nasma alisikia, anatangaza jini limeshatoka kwa kisomo chake. Nasma angemkuta siku hiyo angemnywesha sanamaki debe zima, wallahi.

Asubuhi hiyo daktari alikuja na wanafunzi wake wa mwaka wa mwisho. Shehe Khalfani alikuwa kaja kumjulia hali mgonjwa, akasogea pembeni.

"Kesi hii iliharibika wapi?" daktari aliuliza.

"Imani potofu," kijana mmoja alijibu haraka. "Familia ilimpeleka kwa waganga."

Hapo ndipo Nasma alipolipuka.

"Imani potofu ya nani? Nani kamleta hapa kama si shehe huyo unayempa mgongo? Kliniki tumekuja mwezi wa Shaabani, zimebaki siku sita tufunge. Jina lake Abdulmalik, mmeliandika wenyewe. Mimi nimekaa na hijabu yangu pale mbele yenu. Mmempima uzito, mmeuliza analala vipi. Kuna aliyefungua mdomo kuuliza, utafunga? Kuna mmoja?"

Daktari Theopista alifungua faili, akausoma ukurasa wa tarehe ile, akausoma tena.

"Hakuna hata mmoja," alisema. "Nimeandika anywe maji ya kutosha. Mwandiko ni wangu. Sikuuliza atayanywa saa ngapi. Andikeni hilo, vijana."

"Na mimi niandikeni," Shehe Khalfani alisema. "Nimehutubia sana thawabu za mwenye kufunga. Ruhusa ya mgonjwa naitaja kwa kupita."

"Na Rajabu je?" Nasma bado alikuwa anahema. "Na jirani aliyemleta? Wote hao wana mkono humu! Wote!"

"Dada," Abdulmalik alisema.

Wote wakageuka. Tangu Gerezani mpaka hapo kitandani kila mtu alikuwa amemsemea, na hakuna aliyekuwa amemuuliza yeye.

"Mimi nilikuwa najua," alisema polepole, akiiangalia mikono yake juu ya shuka. "Nesi aliniambia, nisikose maji. Nikajisemea Mungu hawezi kunikasirikia kwa maji. Siku ya kwanza nikanunua chupa kubwa, nikakaa nyuma ya cherehani nisimkwaze mtu."

Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomuua Nasma.

"Nilikuwa nimekunywa mafunda mawili tu, dada. Ukaja."

Kwenye meza ya kitanda kulikuwa na glasi ya maji. Abdulmalik akanyoosha mkono aifikie, vidole vikagonga ukingo, maji yakamwagika mezani.

Nasma akajaza nyingine. Akamshikia mdomoni mchana kweupe mbele za watu wote, mpaka akaimaliza.